Sentimita nane za unyayo: namna ya kukagua maelezo ya mwanafunzi kuhusu uhalali na uthabiti

"Chombo cha utafiti huu ni halali na thabiti kwa kuwa kimeshatumiwa na watafiti wengine." Sentensi ya aina hii hujirudia mno katika sura ya tatu ya ripoti za wanafunzi. Msimamizi huipitia haraka, akaona maneno mawili yanayotakiwa yapo, akapiga tiki na kugeuza ukurasa. Lakini hakuna kitu ndani yake kinachoweza kukaguliwa. Haisemi ni kipimo gani, kilishikwa na nani, kilitumika kwa watu gani, wala kililinganishwa na nini.

Mwongozo huu ni wako wewe unayesoma kazi za namna hiyo: mkufunzi wa chuo cha afya, muuguzi wa wodi ya wazazi katika Hospitali ya Mkomaindo aliyekabidhiwa wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, au mwalimu wa Newala ambaye mdogo wake wa chuoni amemletea rasimu. Hutahitaji kusoma takwimu upya. Utahitaji kalamu, rula, nakala ya makala ambayo mwanafunzi ameitaja, na kipimo kimoja cha kufanyia mazoezi. Kipimo hicho kipo, na kimejaribiwa huku huku kusini.

Kipimo chenyewe

Kati ya Julai na Oktoba 2009, Tanya Marchant na wenzake, wakiwemo watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara, walipima nyayo za watoto wachanga hospitalini kusini mwa Tanzania. Sababu yao ilikuwa ya wazi. Wanawake wengi walikuwa wakijifungulia nyumbani ambako hakuna mizani, na mtoto aliyezaliwa na uzito mdogo anahitaji uangalizi wa ziada kuanzia siku ya kwanza. Je, urefu wa unyayo unaweza kumtambulisha mtoto huyo?

Walipima watoto 529 ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa, kisha wakawafuata 183 nyumbani siku ya tano. Unyayo ulio chini ya sentimita 8 uliwanasa 87 kati ya kila watoto 100 waliokuwa na uzito chini ya gramu 2500. Kwa wale wenye uzito wa kutosha, 60 tu kati ya kila 100 ndio walioonekana wana unyayo mrefu. Waliobaki, 40, walihesabiwa kuwa wadogo ilhali si wadogo.

Baadaye kipimo kiliingizwa kwenye kadi ya ushauri yenye picha ya unyayo iliyochorwa kwa ukubwa halisi, na kadi wakapewa watu wa kujitolea wa vijijini. Walikuwa katika mradi wa kuboresha afya ya watoto wachanga uliofanyika katika wilaya sita za Lindi na Mtwara, Newala ikiwemo. Kati ya Julai na Desemba 2010, mtafiti alifuatana na wajitoleaji hao hadi kwenye nyumba zenye watoto wa chini ya siku saba, na vipimo 142 vya jozi vikachukuliwa. Matokeo ya uhalali yalichapishwa mwaka 2010 na ya uthabiti mwaka 2014, yote katika jarida la BMC Public Health.

Hapo msimamizi amepata zawadi adimu: kipimo kimoja, mikono tofauti, na makala mbili zinazouliza maswali mawili tofauti.

> Kisanduku: maswali mawili
>
> Uhalali (wengine huandika usahihi): kuna ushahidi gani kwamba namba hii inafaa kwa maana tunayoipa na uamuzi tunaoufanya nayo? Unyayo mfupi unamaanisha kweli mtoto ana uzito mdogo?
>
> Uthabiti (wengine huandika kuaminika): kitu kile kile kikipimwa tena, na mtu yule yule au mwingine, namba hubaki ile ile kwa kiasi gani? Mjitoleaji na mtafiti wakiupima unyayo ule ule, watakubaliana?

Aya ya kukagua

Chukua aya hii. Ni ya kubuni, na namba zake za majaribio ni za kubuni pia, lakini makosa yake ni ya kila siku. Mwanafunzi anataka kuitumia kadi ya unyayo katika vijiji vya Newala:

> "Uhalali wa kadi ulihakikishwa kwa kuwa ilitumika katika utafiti wa Marchant na wenzake (2010) uliopata usahihi wa 87%. Pia msimamizi aliipitia kadi. Uthabiti ulijaribiwa kwa watoto 100, ambapo mjitoleaji na muuguzi walikubaliana kwa 76%, kiwango kilicho juu ya 70% inayokubalika. Kwa kuwa kadi ni thabiti, ni halali kutumika vijijini."

Inasomeka vizuri. Ina namba, ina chanzo, ina jaribio. Msimamizi mwenye haraka angeipa alama za juu. Sasa ikague hatua kwa hatua.

Hatua ya 1. Piga mstari chini ya kila dai

Usianze kusahihisha. Piga mstari kwanza chini ya kila maneno yanayodai jambo kuhusu kipimo, na pembeni uandike H kwa dai la uhalali au T kwa dai la uthabiti. Katika aya hii utapata madai manne: 87%, msimamizi kuipitia kadi, 76%, na lile la "kwa kuwa". Mbele ya kila dai andika maswali matatu mafupi: namba gani, kwa watu gani, mikononi mwa nani.

Hatua hii huchukua dakika chache na hukuokoa na kosa la wasimamizi wengi, yaani kuhukumu aya nzima kwa mkupuo. Dai moja linaweza kuwa zuri kabisa huku la pembeni yake halina mguu wa kusimamia.

Hatua ya 2. Fungua makala iliyotajwa

Mwanafunzi ameandika "usahihi wa 87%". Fungua makala. Utakuta 87 haimaanishi kwamba kadi husema kweli mara 87 katika kila mara 100. Inahusu watoto wenye uzito mdogo peke yao. Ile 60, inayohusu watoto wenye uzito wa kutosha, ameiacha. Kuiacha kunabadilisha kabisa picha anayopata msomaji.

Ili aone uzito wa kosa lake, mfanyie hesabu hii pembeni mwa ukurasa. Chukua watoto 1000, na tuseme 100 kati yao wana uzito mdogo. Kadi itawanasa 87 na kuwakosa 13. Kati ya 900 waliobaki, kadi itawaacha 540 na kuwahesabu 360 kuwa wadogo kimakosa. Walioambiwa "mtoto wako ana unyayo mfupi" ni 87 kujumlisha 360, yaani 447. Wenye uzito mdogo kweli katika kundi hilo ni 87 tu, chini kidogo ya mmoja kati ya watano.

Je, kadi haifai? Hapana, tazama na upande wa pili. Kati ya watoto 553 walioonekana wana unyayo mrefu, wamo 13 tu wenye uzito mdogo. Kwa hiyo kadi ni nzuri zaidi kwa kumtuliza mama ambaye mtoto wake ana unyayo mrefu kuliko kwa kuthibitisha kwamba mtoto fulani ni mdogo. Kama mwanafunzi anataka kuchuja watoto ili wapelekwe kupimwa kwenye mizani, ushahidi unamuunga mkono. Kama anataka kukadiria ni asilimia ngapi ya watoto wa Newala wana uzito mdogo, kadi hiyo hiyo itampa asilimia 44.7 mahali penye asilimia 10. Kipimo kilichofaa kazi ya kwanza hakifai kabisa kazi ya pili, na hapo ndipo maelezo ya uhalali yanapopaswa kuanzia: kazi gani?

Angalia pia kama ametaja kiwango cha mashaka. Makala yenyewe inasema ile 87 inaweza kuwa popote kati ya 79 na 94. Mwanafunzi anayeandika 87 peke yake anaonyesha uhakika ambao watafiti wenyewe hawakuwa nao.

Hatua ya 3. Uliza kama ushahidi umesafiri salama

Watoto 529 walipimwa hospitalini, ndani ya saa 24, mikononi mwa timu ya utafiti. Mwanafunzi anakwenda kijijini, pengine siku ya tatu au ya nne, kadi ikiwa mkononi mwa mjitoleaji, mtoto akilia mapajani mwa bibi yake. Tofauti hizo hazikatazi kuitumia kadi, lakini lazima zitajwe, na kila moja ihusishwe na matokeo yake.

Kuhusu siku, ushahidi upo. Wastani wa tofauti kati ya siku ya kwanza na ya tano ulikuwa sentimita 0.1. Mwanafunzi atafurahi na kuishia hapo. Mwonyeshe namba ya pili katika sentensi ile ile: mtawanyiko wa sentimita 0.3. Maana yake, kwa watoto wengi tofauti iliangukia popote kati ya kupungua nusu sentimita na kuongezeka karibu sentimita 0.7. Wastani mdogo unaweza kuficha tofauti kubwa kwa mtoto mmoja mmoja. Tena tofauti hii si ya uthabiti mtupu, kwa kuwa ndani ya siku tano mtoto mwenyewe hubadilika. Mwanafunzi anayeiita "jaribio la kurudia kipimo" amechanganya kubadilika kwa mtoto na kukosea kwa mpimaji.

Kisha mwambie akuletee kadi yenyewe, ile atakayokwenda nayo kijijini. Weka rula juu ya picha. Duka la kutoa kopi likiacha mashine ipunguze ukurasa hadi asilimia 97 ili uenee kwenye karatasi, alama ya sentimita 8 inakuwa sentimita 7.76. Mtoto mwenye unyayo wa sentimita 7.9 sasa anavuka alama na kuhesabiwa kuwa na unyayo mrefu. Hakuna takwimu ya uthabiti itakayoligundua kosa hilo, kwa sababu wapimaji wawili wakitumia kadi hiyo hiyo watakubaliana vizuri sana. Ripoti nzuri itasema kwamba kila kadi ilipimwa kwa rula baada ya kuchapwa.

Na lile dai la "msimamizi aliipitia"? Livuke haraka. Kupitiwa na mtu mmoja ni ushahidi pale tu inaposemwa aliangalia nini na kikabadilishwa nini. Bila hayo, lifute.

Hatua ya 4. Omba jedwali la wawili kwa wawili

Hapa ndipo pa kukaa kwa muda. Mwanafunzi amesema mjitoleaji na muuguzi walikubaliana kwa 76%. Usibishane naye kuhusu asilimia hiyo. Mwambie alete jedwali. Tuseme linasomeka hivi:

| | Muuguzi: mfupi | Muuguzi: mrefu | Jumla |
|---|---|---|---|
| Mjitoleaji: mfupi | 30 | 20 | 50 |
| Mjitoleaji: mrefu | 4 | 46 | 50 |
| Jumla | 34 | 66 | 100 |

Walikubaliana kwa watoto 30 na 46, jumla 76. Ni kweli. Lakini wangeweza kukubaliana mara ngapi hata kama kila mmoja angebahatisha? Mjitoleaji husema "mfupi" kwa nusu ya watoto, muuguzi kwa 34. Kwa bahati tu wangekutana kwenye "mfupi" kwa watoto 17 (nusu ya 34) na kwenye "mrefu" kwa watoto 33 (nusu ya 66). Jumla 50. Kwa hiyo katika ile 76, 50 ni ya kupewa bure. Walichokichuma kwa kupima kweli ni 26, kati ya 50 iliyokuwa imebaki kuchumwa.

```
kapa = (0.76 - 0.50) / (1 - 0.50) = 0.52
```

Namba hii huitwa kapa. Anayetumia SPSS ataipata kwa amri hii, majina ya safu yakiwa yale aliyoyaweka mwenyewe:

```
CROSSTABS
  /TABLES=mjitoleaji BY muuguzi
  /STATISTICS=KAPPA.
```

Katika utafiti halisi wa uthabiti, uliofanyika vijijini mwaka 2010, kapa ilikuwa 0.53, na mashaka yake yalianzia 0.40 hadi 0.66. Watafiti waliuita uthabiti wa wastani. Hawakusema "chombo ni thabiti" wakaishia hapo. Mwanafunzi naye aandike namba, mashaka yake, na neno linalolingana nayo.

Ile "70% inayokubalika" imetoka wapi? Mara nyingi imehamishwa kutoka kwenye alfa ya Cronbach, ambako vitabu vingi vya mbinu hutaja 0.70. Haina kazi kwenye asilimia ya kukubaliana.

> Onyo kuhusu kapa
>
> Kapa nayo huyumba. Tuseme watoto 88 wanaitwa warefu na wapimaji wote wawili, 2 wanaitwa wafupi na wote, na kwa 10 waliobaki wametofautiana, watano kila upande. Wamekubaliana kwa 90%, lakini kapa ni kama 0.23 tu, kwa kuwa karibu kila mtoto ni mrefu na bahati inatosha kuwakutanisha. Ndiyo maana unadai jedwali lote badala ya namba moja. Mwanafunzi asipewe alama wala kunyimwa kwa kapa peke yake.

Hatua ya 5. Tazama makosa yameelemea wapi

Rudi kwenye jedwali la mwanafunzi, kwenye vile visanduku viwili vya kutokubaliana. Kimoja kina 20, kingine kina 4. Kama ni mikono kutetemeka tu, visanduku hivyo vingekaribiana. Hapa mjitoleaji anasema "mfupi" mara tano zaidi ya muuguzi pale wanapotofautiana. Kosa lina upande.

Hivyo ndivyo ilivyotokea kijijini mwaka 2010. Wajitoleaji walipima nyayo zikawa fupi kuliko alivyozipima mtafiti, kwa wastani wa sentimita 0.26. Robo ya sentimita yaweza kuonekana ndogo mpaka ukumbuke kwamba wastani wa unyayo hospitalini ulikuwa sentimita 7.8 na mpaka wa uamuzi ni 8. Watoto wengi wamesongamana pale pale kwenye mpaka, na kusogea kidogo kunawavusha wengi. Matokeo yake, wajitoleaji waliwahesabu watoto wengi kupita kiasi kuwa wanahitaji uangalizi wa ziada.

Kosa lenye upande linagusa uhalali moja kwa moja, kwa sababu linaipotosha maana ya namba hata kama mpimaji hulirudia vile vile kila siku. Mwanafunzi aliyelielewa hilo ataliandika bila kulazimishwa. Asiyelielewa ataandika "makosa ya kibinadamu" na kupita.

Jihadhari hapa na kosa moja linalopendwa sana: kutumia uhusiano wa Pearson kuonyesha kwamba wapimaji wawili wanakubaliana. Mjitoleaji anayekosea kwa sentimita 0.26 ile ile kila mara atapata uhusiano wa 1.00 na mtafiti, ukamilifu mtupu, ilhali hawajakubaliana hata kwa mtoto mmoja. Kwa vipimo vya sentimita mwombe mchoro wa Bland na Altman, ambao walieleza tatizo hili katika jarida la Lancet mwaka 1986: tofauti ya kila jozi kwenye mhimili wa wima, wastani wa jozi kwenye mhimili wa ulalo. Utaona kwa macho kama nukta zimeelemea chini ya sifuri na zimetawanyika kiasi gani.

Hatua ya 6. Kata "kwa kuwa"

Dai la mwisho, "kwa kuwa kadi ni thabiti, ni halali", halihitaji tena hoja ndefu. Ile kadi iliyopunguzwa na mashine ya kopi imetoa jibu: thabiti kabisa, na si sahihi. Upande wa pili una kweli yake, kwamba kipimo kinachoyumba sana hakiwezi kubeba maana yoyote. Uthabiti hufungua mlango wa uhalali, lakini haumwingizi mtu ndani. Weka alama ya swali juu ya kila "kwa hiyo" au "kwa kuwa" inayounganisha maneno haya mawili.

Kuna neno jingine linaloteleza mahali hapa. Mwanafunzi akianza kueleza kwamba kijiji kilichaguliwa kwa bahati nasibu ili matokeo yahusu wilaya nzima, anazungumzia uhalali wa utafiti, sio wa kipimo. Jambo hilo ni jema, liwe na kifungu chake. Lisihesabiwe kuwa ushahidi kwamba kadi inapima kinachotakiwa.

Kama kipimo ni dodoso

Wanafunzi wengi hawapimi nyayo. Wanawauliza akina mama maswali kuhusu kumtunza mtoto mchanga, wanajumlisha alama, kisha wanaandika "alfa ya Cronbach ilikuwa 0.71, hivyo dodoso ni halali". Hatua ni zile zile, lakini mambo mawili yanahitaji jicho la pekee.

La kwanza ni idadi ya maswali. Alfa hupanda kadiri maswali yanavyoongezeka, hata kama yanahusiana kwa udhaifu. Maswali 10 yenye uhusiano wa wastani wa 0.2 tu kati yao hutoa alfa ya 0.71. Yafanye 20 ya ubora ule ule, alfa inafika 0.83. Kwa hiyo uliza alfa ni ya maswali mangapi, na kama ni ya kila kundi la maswali au ya dodoso zima. Mwanafunzi aliyeingiza umri, elimu na idadi ya watoto ndani ya alfa hajajua anachokipima. Na alfa haisemi lolote kuhusu kama mama angejibu vile vile wiki ijayo.

La pili ni lugha. Dodoso limeandikwa kwa Kiswahili. Nyumbani kwa bibi mmoja wa Newala, msaidizi wa utafiti hulitafsiri palepale kwa Kimakonde. Ukiingia Masasi, huenda kikawa Kimakua au Kiyao. Kila msaidizi ana maneno yake. Swali ulilolipitisha ofisini silo lililoulizwa barazani, na alfa inaweza kutoka nzuri hata hivyo. Tafuta sentensi inayosema tafsiri ilikubaliwa na kuandikwa kabla ya kwenda uwandani, mtu mwingine akairudisha kwenye Kiswahili bila kuliona dodoso la kwanza, na akina mama wachache waliulizwa wameelewa nini katika kila swali. Kama sentensi hiyo haipo, hilo ndilo la kwanza la kumwandikia, kabla ya alfa.

Orodha ya mkononi

Iweke kando ya rasimu unapoisoma:

- [ ] Kila dai limetaja kipimo, watu waliopimwa na mpimaji.
- [ ] Kazi ya kipimo imesemwa: kuchuja, kukadiria, au kulinganisha.
- [ ] Namba za makala zimenukuliwa zote, pamoja na zile zisizopendeza.
- [ ] Tofauti kati ya mahali pa ushahidi na mahali pa utafiti huu zimetajwa kwa majina.
- [ ] Uthabiti una jedwali au mchoro, wala si asilimia au Pearson peke yake.
- [ ] Upande wa makosa umeangaliwa.
- [ ] Hakuna "thabiti, kwa hiyo halali".
- [ ] Vitenzi viko wakati uliopita. "Itajaribiwa" katika ripoti iliyokamilika huonyesha kwamba jaribio halikufanyika, au aya imehamishwa kutoka kwenye pendekezo bila kuguswa.

Kumwandikia mwanafunzi

Maoni kama "boresha sehemu ya uhalali" humwacha alipokuwa, na mara nyingi atarudi akiwa ameongeza fasili tatu kutoka vitabuni. Mwandikie swali linalojibika: "87% ni ya watoto gani? Iko wapi namba ya pili?" "Leta jedwali la watoto 100." "Nani aliipima kadi kwa rula?" Akiyajibu hayo, aya yake itajiandika upya yenyewe, pengine hivi:

> "Kadi ilitumika kuchuja watoto wa kupelekwa kwenye mizani. Katika utafiti wa hospitali wa 2009 kusini mwa Tanzania, unyayo chini ya sm 8 uliwanasa 87% ya watoto wenye uzito chini ya g 2500 (79–94), na 60% ya wenye uzito wa kutosha waliachwa (55–64). Wapimaji wetu walikuwa wajitoleaji, na watoto walipimwa nyumbani, hivyo ushahidi huo hautuhusu moja kwa moja. Kila kadi ilipimwa kwa rula baada ya kuchapwa. Kwa watoto 100 waliopimwa na mjitoleaji na muuguzi, kila mmoja bila kuona jibu la mwenzake, kapa ilikuwa 0.52. Mjitoleaji alielekea kuona unyayo mfupi (20 dhidi ya 4), kwa hiyo idadi ya watoto wadogo katika sura ya nne huenda imezidi."

Aya hii inakiri udhaifu mwingi kuliko ile ya kwanza, na inastahili alama nyingi zaidi. Mwambie mwanafunzi hivyo waziwazi, kwa kuwa wengi huficha visanduku vya 20 na 4 wakidhani watakatwa alama kwa ajili hiyo.

Rasimu ikikufikia data zikiwa zimeshakusanywa na jaribio la uthabiti halikufanyika, usimruhusu abuni. Kuna njia ya kufanya. Kama bado yuko uwandani, arudie kipimo kwa watoto waliobaki, wapimaji wawili bila kuoneana majibu, na aseme wazi kwamba jaribio lilifanyika kwa sehemu hiyo tu. Kama watoto wamezaliwa kituoni, alinganishe kadi na uzito ulioandikwa kwenye rejesta ya wazazi, huku akiangalia kama uzito mwingi umerundikana kwenye namba za mviringo kama 2500 na 3000. Mrundikano huo huonyesha kwamba mizani ilisomwa kwa kukadiria, na mpaka wa gramu 2500 hauwezi kuaminiwa kwa watoto walioukaribia. Na kama hakuna kati ya hayo linalowezekana, sehemu ya uthabiti iwe na sentensi mbili: uthabiti wa vipimo hivi haukupimwa, na katika utafiti wa karibu zaidi uliofanyika kusini wajitoleaji walipima pungufu kwa sentimita 0.26.